Barua ya kurudisha dumu la asali

Isevya, Tabora
12 Agosti 2025

Yah: Dumu la asali na tripu mbili za mchanga

Mzee wangu, shikamoo.

Naamini hapo nyumbani mnaendelea vizuri, na mguu wa mama umepata nafuu.

Siku ya Nane Nane nilishinda viwanjani Ipuli na wanangu wakubwa. Niliporudi nilikuta dumu la lita 20 limesimama sebuleni. Zuhura akaniambia kijana wako amelileta kwa pikipiki, na kwamba alitumwa aseme "ni ya chai tu". Usiku ukaniandikia kuwa lori lako litamwaga tripu mbili za mchanga kwenye kiwanja changu cha Malolo, siku nitakayotaja mwenyewe.

Asante kwa kunikumbuka. Hata hivyo, asali nairudisha, na mchanga naomba usiletwe.

Najua hili linauma. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na hiki kinarudi kimejaa kile kile ulichotia wewe. Ingekuwa mwaka juzi, kabla hujaanza kuomba kazi za halmashauri, ningepokea, nikakuletea karanga, yakaisha. Lakini zabuni ya madawati 240 ilifunguliwa tarehe 7, asali ikafika tarehe 8. Wewe ni mmoja wa walioomba, na mimi nakaa kwenye kitengo kinachoishughulikia. Hata nikiapa kwamba tumejuana tangu nikiwa na sare za shule, nani atazihesabu hizo siku mbili akanielewa?

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inamgusa anayetoa sawasawa na anayepokea. Sisemi kwamba ndiyo nia uliyokuwa nayo. Nasema tu kwamba nia haionekani, dumu linaonekana, na majirani wamekwisha kuliona.

Tena fikiria upande wako, mzee. Madawati yako nayafahamu. Hata kitanda ninacholalia kimetoka karakana kwako, na mninga wake haujapinda mpaka leo. Ukishinda kwa bei na ubora, ushindi ni wako. Ila siku mshindani wako akisikia habari ya asali, hatazungumzia tena mninga. Atalalamika, zabuni itasimama, na wewe uliyekwisha kununua mbao utabaki nazo uani. Wapo mafundi wenzako walioomba ambao hawana lori wala mizinga. Nao wana haki ya kupimwa kwa kazi yao.

Uliuliza pia "mambo yanakwendaje huko ndani". Hilo siwezi kulijibu, si kwako wala kwa mwingine yeyote. Tathmini ikikamilika, waombaji wote watapata notisi ya kusudio la kutoa tuzo kupitia NeST, na asiyeridhika atakuwa na nafasi ya kulalamika kabla mkataba haujasainiwa. Ukiwa na swali lolote kuhusu zabuni, liandike humo humo kwenye mfumo. Usinipigie, na usimtume kijana.

Najua utasema tusubiri basi mpaka yaishe, mchanga uje baadaye. Hapana, baba. Ukishinda, madawati yatakaguliwa na kupokelewa, kisha kuna malipo, na karatasi zake zinapita mezani kwetu. Ukishindwa, kuna zabuni ya mwakani. Hiyo "baadaye" siioni iko wapi maadamu wewe unauza na mimi ninanunua kwa niaba ya wananchi. Mchanga nitanunua, tripu moja moja, mshahara ukiruhusu; na nitanunua kwa mtu mwingine, usije ukashangaa ukaona lori la mgeni Malolo.

Jana asubuhi nimemweleza mkuu wa kitengo changu kwa maandishi: kilicholetwa, siku, na kwamba nakirudisha. Sikutaja nia yoyote, nimeandika kilichotokea tu. Nimeona ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Dumu analeta dereva wa bajaji pamoja na barua hii, nakala mbili. Nauli nimelipa. Naomba usaini moja, uandike "nimepokea dumu moja la asali" na tarehe, umrudishie. Linakaribia kilo 28, kwa hiyo mtafutie mtu wa kumsaidia kulishusha. Nililibeba mwenyewe hadi barazani na kiuno kinanikumbusha.

Ukipita njiani tusalimiane kama siku zote. Mama akiwa na hamu ya kuniona nitakuja kumjulia hali zabuni itakapokwisha, mikono mitupu, nami nirudi mikono mitupu.

Wako mwanao,
Mama Zuhura

Kifuniko kilikuwa kimelegea, nimekifunga kwa nailoni. Zuhura alikwisha kuchovya kidole kabla sijafika. Hicho sikuweza kukirudisha, na kwa mkuu wangu nimekiandika pia.