Mpango wa insha, swali la 3: kuzimwa kwa kromosomu X na chapa za wazazi kwenye jeni

Swali: Kwa kutumia kuzimwa kwa kromosomu X na uwekaji chapa wa jeni kama mifano, jadili jinsi seli zinavyodhibiti jeni bila kubadilisha mfuatano wa DNA. (Alama 25, dakika 50)

Wenzangu wa kundi, huu ndio mpango nitakaoingia nao. Kwenye mtihani wa majaribio niliandika kurasa mbili za kromosomu X, kisha mbili za chapa, nikaweka ulinganisho kwenye sentensi ya mwisho. Msahihishaji aliandika pembeni: "Umesimulia, hujajadili." Nilipoisoma tena nikaona kweli, zilikuwa hadithi mbili zilizokaa jirani bila kusalimiana. Kwa hiyo safari hii mifano yote miwili inajibu maswali yaleyale manne: aleli ipi izimwe inaamuliwaje, inazimwa na nini, seli inakumbukaje, na kumbukumbu inafutwa lini.

Hoja kuu (iwe ndani ya aya ya kwanza)

Mifano hii inatofautiana zaidi kwenye *uchaguzi* kuliko kwenye *kumbukumbu*. Kwenye kromosomu X, kila seli ya kiinitete huchagua kwa bahati nasibu. Kwenye chapa, uchaguzi ulishafanyika ndani ya mwili wa mzazi, kabla yai na mbegu ya kiume havijakutana. Uchaguzi ukishapita, seli hutumia zana zinazofanana sana kuutunza: RNA ndefu zisizotengeneza protini, alama kwenye histoni, na vikundi vya methili kwenye DNA.

Fasili ya epijenetiki iwe fupi: mabadiliko ya matumizi ya jeni yanayorithishwa seli inapogawanyika, yanayoweza kufutwa, na yasiyogusa mfuatano. Conrad Waddington alilitumia neno hilo mwaka 1942, lakini fasili yake ilikuwa pana kuliko ya leo. Sentensi moja inatosha, tusipoteze dakika hapo.

Aya ya 2: Kwa nini X moja izimwe, na ushahidi ulitoka wapi

Jike ana X mbili, dume ana moja. X ya binadamu ina jeni zaidi ya 800 zinazotengeneza protini, na Y ina chache mno. Bila marekebisho, jike angekuwa na dozi maradufu ya karibu zote.

Ushahidi tuupange kwa mwaka, kwa sababu kila hatua inajibu iliyotangulia. Mwaka 1949 Murray Barr na Ewart Bertram waliona doa jeusi kwenye kiini cha seli za neva za paka jike, ambalo halikuwapo kwa dume. Mwaka 1959 Susumu Ohno na wenzake walionyesha kwamba doa hilo ni kromosomu X moja iliyojikunja. Mwaka 1961 Mary Lyon akaunganisha mambo mawili: panya jike mwenye X moja tu huishi vizuri na huzaa, na panya jike mwenye aleli mbili tofauti za rangi kwenye X huwa na manyoya ya mabaka. Hitimisho lake: kila seli huzima X moja mapema, bila kujali ilitoka kwa nani, na vizazi vyote vya seli hiyo huendelea kuizima hiyohiyo.

Mfano wa kuuona kwa jicho ni paka wa mabaka meusi na ya machungwa. Baka moja la machungwa ni ukoo wa seli za rangi uliotokana na seli zilizozima X yenye aleli nyeusi. Jirani yake mweusi ana DNA ileile kabisa. Nitaiandika hivyohivyo, kwa sababu hapo ndipo msomaji anaona maana ya "bila kubadilisha mfuatano".

Kwa binadamu tutumie G6PD. Mwaka 1962 Ernest Beutler na wenzake walionyesha kwamba mwanamke mwenye aleli moja yenye upungufu ana aina mbili za chembe nyekundu za damu, zenye kimeng'enya na zenye upungufu. Hana chembe za aina moja zenye nusu ya kiwango. Sentensi hii ina uzito, isiachwe.

Aya ya 3: Namna X inavyozimwa (dakika 10, hapa ndipo pana alama nyingi)

Seli huhesabu kwanza. Mwenye X tatu ana miili ya Barr miwili, mwenye XXY ana mmoja, mwenye X moja hana. Kanuni ni kubakiza moja hai.

Kisha jeni XIST, iliyotambuliwa mwaka 1991, husomwa kutoka kwenye X inayokwenda kuzimwa tu. Zao lake ni RNA ya takriban herufi 17,000 isiyotafsiriwa kuwa protini. RNA hiyo haiendi mbali. Huifunika kromosomu ileile iliyoizaa na kuiacha mwenzake iliyo kwenye kiini hichohicho. Tuseme wazi kwamba XIST hufanya kazi *kwenye kromosomu yake yenyewe*, maana tutaihitaji sifa hii kwenye aya ya 5.

Mtiririko baada ya hapo: XIST huita protini ya SPEN, ambayo kwa kupitia HDAC3 huondoa vikundi vya asetili kwenye histoni. Makundi ya protini ya Polycomb huweka alama za H3K27me3 na H2AK119ub. Baadaye huja histoni ya macroH2A na, mwishoni, methili kwenye promota za jeni. Kila tabaka linakaza lililo chini yake.

Majaribio mawili ya kutaja:

Katika seli shina za panya, Xist ikizimwa mapema jeni huamka tena, lakini ikizimwa baada ya seli kuanza kukomaa kromosomu hubaki imelala. Hii inatenganisha *kuanzisha* na *kudumisha*, na naona ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwenye aya hii.

Mwaka 2013 watafiti waliiingiza XIST kwenye moja ya kromosomu 21 tatu za seli zilizotoka kwa mtu mwenye sindromu ya Down. Kromosomu hiyo ilifunikwa, jeni zake zikazimwa, na ukatokea mwili wa Barr. Kwa hiyo XIST inatosha kuanzisha kazi hata mahali pasipo X.

Aya ya 4: Chapa za wazazi

Tuanze na jaribio, fasili ije baada yake. Mwaka 1984 James McGrath na Davor Solter, na kwa upande mwingine Azim Surani na wenzake, walitengeneza viinitete vya panya vyenye seti mbili za mama au seti mbili za baba. Idadi ya kromosomu ilikuwa kamili, lakini hakuna kilichofika mwisho. Vya mama wawili vilikuwa na kondo la nyuma dhaifu. Vya baba wawili vilikuwa na kondo lililokua huku kiinitete kikidumaa. Kwa binadamu kuna sura inayofanana: mimba zabibu kamili, ambayo kwa kawaida DNA yake yote ya kwenye kiini ni ya baba, hutoa tishu za kondo bila mtoto.

Sasa fasili: jeni iliyowekewa chapa hutumika kutoka kwa mzazi mmoja anayejulikana. Kwa binadamu ni kama jeni 100, nyingi zikiwa zimekaa kwa vikundi.

*Mchoro wa IGF2 na H19 (kromosomu 11).* Chora mistari miwili, mama juu, baba chini. Kwenye kila mstari, kutoka kushoto: IGF2, eneo la udhibiti, H19, kisha vichochezi upande wa kulia kabisa. Kwa mama, eneo la udhibiti halina methili, kwa hiyo protini ya CTCF hukaa pale na kuwa ukuta. Vichochezi havifiki IGF2, vinaiwasha H19. Kwa baba, eneo hilo lina methili, CTCF haishiki, ukuta haupo, vichochezi vinaifikia IGF2, na H19 inanyamaza. Mchoro huu ukichorwa vizuri unaokoa maneno 100. Tuufanyie mazoezi mpaka utoke kwa dakika 2.

Uthibitisho kwamba chapa ndiyo kizuizi: mwaka 2004 Tomohiro Kono na wenzake walimpata Kaguya, panya mwenye mama wawili na asiye na baba. Walitumia yai changa ambalo bado halijapata chapa za kike, lililotoka kwa panya aliyeondolewa kipande cha H19.

*Kromosomu 15.* Eneo lilelile la 15q11-q13 likikosekana upande wa baba, mtoto huwa na sindromu ya Prader-Willi: misuli legevu utotoni, kisha njaa isiyoshiba. Likikosekana upande wa mama, ni sindromu ya Angelman: degedege, maneno machache sana, mwendo usio imara. Tuongeze kwamba takriban robo ya wenye Prader-Willi hawajakatika chochote. Wana kromosomu 15 mbili nzima, ila zote za mama. Mfuatano upo na jeni zipo, kinachokosekana ni chapa ya baba. Hakuna mfano unaojibu swali letu moja kwa moja kuliko huu.

Aya ya 5: Ulinganisho (dakika 10, usiachwe mwisho kama nilivyofanya)

Uchaguzi: bahati nasibu dhidi ya asili ya mzazi. Ukubwa: karibu kromosomu nzima dhidi ya jeni au kikundi. Matokeo mwilini: X hutoa mchanganyiko wa koo za seli, chapa hutoa hali ileile kwenye kila seli ya tishu husika.

Zana: KCNQ1OT1 ni RNA ndefu inayozima majirani zake kwenye kromosomu yake yenyewe, kama XIST. DNMT1 hunakili methili kila DNA inapojirudufu, kwa mifano yote miwili.

Kufuta: chapa hufutwa kwenye seli za awali za uzazi na kuandikwa upya kulingana na jinsia ya mwenye mwili, kwa DNMT3A na DNMT3L. Baada ya utungisho, methili nyingi za jenomu hufutwa, lakini chapa hulindwa na ZFP57. X iliyolala nayo huamshwa kwenye seli za uzazi za jike. Mwanamume aliyepokea aleli yenye chapa ya mama yake huipitisha kwa watoto ikiwa na chapa ya kiume. Tuiandike hii, wengi huikosea.

Daraja la kuonyesha umahiri: kwenye kondo la panya, X inayozimwa ni ya baba daima, na kwa wanyama wenye mfuko kama kangaruu ni hivyo mwili mzima. Hapo mifano miwili inakuwa jambo moja, na mpaka wa vitabuni unalegea.

Aya ya 6: Mipaka, na pa kuishia

Uzimaji haujakamilika. Takriban 15% ya jeni za X ya binadamu hukwepa, na hii ni sababu mojawapo inayomfanya mwenye sindromu ya Turner, mwenye X moja, aathirike ingawa mwanamke mwenye mbili naye "anatumia moja". Kwa chapa, nadharia ya mgongano ya David Haig (baba anafaidika kijusi kikichota zaidi, mama akifaidika kwa kubana) inaendana na IGF2, lakini tuiite nadharia.

Tumalizie kwenye UBE3A. Katika neva, aleli ya mama pekee ndiyo hutumika. Ya baba hunyamazishwa na RNA inayosomwa upande wa pili, UBE3A-ATS. Mtoto mwenye Angelman kwa kawaida bado ana aleli nzima ya baba ndani ya kila neva, imelala tu. Dawa zinazoivunja RNA hiyo ili aleli iamke zimeshaanza kujaribiwa kwa watu.