Tunaajiri watu 46 kwa duka letu la tatu: isome kazi yenyewe kabla hujachukua fomu

Supamaketi yetu inafungua duka la tatu Jumatatu, tarehe 4 Mei 2026. Litakuwa na mashine 9 za kulipia, friji za wazi zenye urefu wa mita 22, chumba cha baridi, chumba cha kugandishia, tanuri la mikate na kaunta ya nyama. Duka zima linahitaji watu 51. Watano kati yao, wasimamizi wa zamu, wamekwisha patikana: wanatoka katika maduka yetu mawili ya sasa, na kila mmoja wao alianzia kwenye shelfu au kwenye mashine ya kulipia. Nafasi 46 zilizobaki ndizo tunazotangaza hapa.

Tunahitaji makeshia 14, wapangaji wa shelfu 12, watu 6 wa kupokea mzigo na kutunza stoo, 5 wa kaunta ya nyama, 4 wa mikate, 3 wa usafi na 2 wa dawati la huduma kwa wateja. Nafasi za nyama, mikate na dawati zinataka mtu aliyekwisha ifanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Nyingine zote 35 hazihitaji uzoefu. Zinahitaji mtu anayesoma tarehe bila kubahatisha, anayejua kujumlisha, na anayefika kazini kabla zamu haijaanza.

Wanaoacha kazi ya supamaketi mapema mara nyingi ni wale walioambiwa kuwa ni kazi ya kusimama na kutabasamu. Kwa hiyo tumeandika kazi yenyewe.

Keshia

Unapokea droo yenye chenji iliyohesabiwa na watu wawili, wewe na msimamizi, na nyote mnatia saini. Mwisho wa zamu mnahesabu tena wawili. Katikati hapo unaskani, unapima, unapokea pesa, unarudisha chenji. Noti ya mteja inabaki juu ya droo, nje, mpaka chenji imfikie mkononi. Hatua hiyo ndogo inamaliza ubishi wa "nimekupa noti kubwa" kabla haujaanza.

Kosa linalotugharimu zaidi kwenye mashine halionekani kwenye droo. Mteja analeta mitindi sita, mitatu ya ladha moja na mitatu ya ladha nyingine, bei ni ile ile. Keshia mwenye haraka anaskani mmoja, anabonyeza 6. Mteja amelipa sawasawa na droo iko sawa. Lakini sasa kompyuta inaamini kwamba ladha ya kwanza imeuzwa sita na ya pili haijaguswa. Shelfu ya ladha ya pili inabaki tupu huku mfumo ukionyesha kuna mitatu, na mzigo mpya hauagizwi, kwa sababu kwa hesabu ya mfumo bidhaa ipo. Wateja wanaikosa kwa wiki nzima na hakuna anayejua chanzo. Hivyo hapa kila ladha inaskaniwa peke yake, hata foleni ikiwa ndefu. Hatumpimi keshia kwa idadi ya bidhaa anazoskani kwa dakika.

Kila mashine ina kiti kirefu. Kukaa si uvivu, na hakuna msimamizi atakayekuambia usimame.

Mpangaji wa shelfu

Kanuni ni moja: kinachoisha muda mapema kinakaa mbele. Kuiandika ni rahisi, kuitekeleza saa 12 asubuhi ukiwa na toroli tatu za mzigo ni kitu kingine. Njia ya mkato ni kusukuma vya zamani nyuma na kuweka vipya mbele. Siku kumi baadaye pakiti za nyuma zimekwisha muda, zinatupwa, na aliyezisukuma hakumbuki. Sisi tunafanya hivi: unatoa vyote, unafuta shelfu, unasoma tarehe ya kila pakiti, unarudisha vipya nyuma na vya zamani mbele. Usiamini kwamba kilichofika jana kina tarehe ya mbali kuliko kilichofika juzi, maana si mara zote inakuwa hivyo.

Kwenye friji za wazi kuna mstari ndani ya kila rafu. Usipange bidhaa kupita mstari huo. Friji ya wazi haina mlango: kinachozuia joto ni pazia la hewa baridi linaloshuka kutoka juu hadi kwenye matundu ya chini. Pakiti iliyojitokeza mbele inalikata pazia hilo, na joto linapanda katika rafu zilizo chini yake. Pakiti zilizoziba matundu zinafanya vivyo hivyo. Ukiona friji haishiki baridi, kagua mpangilio kwanza kabla hatujamwita fundi.

Bei ya kwenye shelfu na ya kwenye mashine lazima zilingane. Lebo hubadilishwa kabla duka halijafunguliwa, si mchana wateja wakiwa wamekwisha jaza vikapu. Zikitofautiana, mteja analipa iliyo ndogo, nawe unatoa taarifa ili irekebishwe. Hakuna anayeadhibiwa kwa kutoa taarifa.

Kupokea mzigo na stoo

Mlango wa nyuma ndipo supamaketi inapopata faida au kuipoteza. Hati ikisema katoni 12 zenye pakiti 24, unatakiwa upate pakiti 288. Unahesabu katoni, unatazama gundi ya juu na ya chini, na iliyofunguliwa unaihesabu pakiti kwa pakiti. Kipungufu kinaandikwa kwenye nakala zote za hati, dereva akiwa bado amesimama hapo, naye anatia saini. Ukigundua baada ya gari kuondoka, umechelewa.

Vya baridi vinatangulia kupokelewa. Kipimajoto kinawekwa katikati ya pakiti mbili zilizobanwa pamoja, bila kutoboa. Vya friji tunavipokea vikiwa kati ya nyuzi 0 na 5 za Selsiasi. Vilivyogandishwa, nyuzi −18 au chini zaidi. Pakiti zilizogandishwa zikiwa zimeshikana kama jiwe moja, au zina barafu nyingi ndani, huenda ziliyeyuka njiani zikagandishwa tena. Zinarudi na gari. Dereva atakuambia ni haraka haraka tu, weka saini. Usiweke, na msimamizi atakuwa upande wako. Kila Jumatatu kipimajoto chenyewe kinapimwa ndani ya maji yenye barafu nyingi iliyopondwa: kisiposoma 0, au karibu nayo kabisa, hakitumiki.

Kuna kubeba vitu. Mzigo mzito unaenda kwa toroli ya paleti, na gunia la kilo 25 linabebwa na watu wawili. Kama una tatizo la mgongo, liseme kwenye fomu. Tutakutafutia kazi nyingine kati ya hizi ikiwa ipo.

Nyama, mikate, usafi na dawati

Wa nyama watafanya kazi na ubao na visu vya nyama mbichi vilivyotengwa kabisa na vya vyakula vilivyo tayari kuliwa. Mashine ya kukatia haifunguliwi kusafishwa mpaka waya utolewe kwenye soketi. Kuizima kwa swichi hakutoshi. Wa mikate wanaanza saa 10 alfajiri na kuondoka saa 6:30 mchana. Usafiri wa alfajiri tunautoa sisi. Wa usafi wanaondoa kwanza kilichomwagika katikati ya njia, kisha ratiba ya kawaida, kwa sababu sakafu yenye maji inavunja watu mifupa. Dawati linashughulikia bidhaa zinazorudishwa, malalamiko na risiti. Anayekasirika haraka atachoka haraka.

Saa, mshahara na mengine

Duka litafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku. Zamu ya asubuhi ni saa 12:00 hadi saa 8:30 mchana, na ya jioni ni saa 7:00 mchana hadi saa 3:30 usiku. Ndani yake kuna mapumziko ya nusu saa ya kula. Unafanya kazi siku 5 kwa wiki, saa 40. Jumamosi na Jumapili ni siku zetu kubwa, kwa hiyo wengi mtazifanyia kazi, ila kila mtu anapata wikendi moja nzima ya mapumziko kila mwezi. Ratiba inabandikwa siku 14 kabla. Msimamizi akiibadilisha baada ya hapo, anaomba, na unaweza kukataa.

Kiwango cha mshahara cha kila nafasi kimechapishwa kwenye fomu yake, mstari wa pili, juu ya mahali pa kuandika jina. Hatukiachi kwa siku ya usaili. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Droo ikipungua, hatukati mshahara wako: tunapitia risiti pamoja, na ikijirudia mara tatu ndani ya mwezi unarudi mafunzoni kwa siku mbili. Wizi ni jambo jingine kabisa na una utaratibu wake.

Miezi 3 ya kwanza ni ya majaribio, kwa mshahara kamili. Ukiwa umefikisha miezi 6 unaweza kuomba kujifunza idara ya pili, na anayezijua mbili analipwa zaidi ya anayejua moja. Kwa mwaka mmoja na nusu na idara tatu, unaruhusiwa kuomba usimamizi wa zamu nafasi ikitokea. Hatuahidi cheo. Tunachoahidi ni kwamba kila nafasi ya usimamizi inatangazwa ndani kwa siku 10 kabla ya kutangazwa nje.

Namna ya kuomba

Chukua fomu kwenye dawati la huduma kwa wateja katika duka lolote kati ya mawili yetu. Jaza moja tu, kwa nafasi moja; anayejaza tatu anatuonyesha kwamba hajachagua. Ambatisha nakala ya kitambulisho na, kwa nafasi zinazotaka uzoefu, barua ya mwajiri wa zamani au namba ya simu ya mtu aliyekusimamia. Picha haihitajiki. Hakikisha namba yako ya simu inasomeka: fomu nyingi tunazoshindwa kuzifuatilia zina namba iliyopungua tarakimu moja. Irudishe fomu mkono kwa mkono hapo hapo dawatini, upewe karatasi ya kuthibitisha, kabla ya saa 11 jioni, Ijumaa tarehe 13 Machi 2026.

Usaili ni kati ya tarehe 23 na 27 Machi, na una sehemu ya vitendo. Keshia atahesabu droo yenye chenji mchanganyiko. Mpangaji atapewa pakiti 24 zenye tarehe tofauti azipange. Wa stoo atapewa hati na katoni, na ndani kuna makosa ya kutafuta. Njoo na viatu vilivyofunikwa mbele. Wote watapigiwa simu kufikia tarehe 3 Aprili, waliochaguliwa na wasiochaguliwa. Mafunzo ya wiki tatu yanaanza Jumatatu tarehe 13 Aprili na yanalipwa tangu siku ya kwanza.

Fomu ni bure, usaili ni bure, sare tunatoa sisi. Hatuna dalali. Mtu yeyote akikuomba pesa ili akuingizie jina, hata akiwa amevaa sare yetu, mripoti kwa meneja wa duka. Kumripoti hakutapunguza nafasi yako.