Tathmini ya awali ya majeruhi, imepangwa upya A hadi E: abiria wa bodaboda, Ijumaa 14 Machi 2025

Kwa daktari wa zamu atakayempokea MOI, nakala kwa faili letu.

Maelezo haya yametoka sehemu tatu: karatasi ya nesi wa zamu, daftari la daktari wa mafunzo, na mistari niliyoandika mwenyewe juu ya boksi la glavu wakati mikono mingine haikuwepo. Yalivyoandikwa mwanzo, presha ndiyo iko juu kabisa, sukari mstari wa tatu, na sindano ya kifua imejificha chini karibu na namba ya simu ya ndugu. Anayeyasoma hivyo atadhani huyu alikuwa anavuja damu tu. Sikubadilisha kipimo chochote. Kisichoandikwa nimesema hakikuandikwa. Sikukijaza kwa neno "kawaida".

Kuhusu saa. Nesi aliandika kwa saa za Kiswahili akitazama saa ya ukutani, ambayo iko mbele dakika 6 (tumeilinganisha na simu tatu). Kwa hiyo "3:27" yake ni saa tatu usiku, yaani 21:27, na ukitoa 6 ni 21:21. Daktari wa mafunzo, aliyetumia simu yake, aliandika 21:21 kwa tukio hilohilo. Saa zote hapa chini ni za simu. Tafadhali msizisome karatasi za awali bila kukumbuka hili, maana "3:39" ya dawa ya kuzuia damu inaweza kusomeka kama alfajiri na mkadhani muda wake umepita.

Tukio: mwanamume, takriban miaka 28, abiria wa bodaboda, hakuvaa helmeti. Waligongana na lori Barabara ya Morogoro, upande wa Chalinze. Dereva wa gari lililomleta anasema "saa mbili na nusu", nasi tumechukua 20:30. Amefika 21:14 nyuma ya pikapu, bila kola, bila oksijeni. Dada yake anasema hana mzio wala dawa anazotumia, na alikula futari shibe mnamo 18:45. Tumbo lina chakula. Likumbukeni kabla ya kumlaza kwa dawa ya usingizi.

A. Njia ya hewa, na shingo
21:15 anajibu kwa maneno mafupi, lakini sauti inakoroma kwa damu mdomoni. Damu na jino moja lililong'oka vimetolewa kwa mashine ya kunyonya, taya limesukumwa mbele, shingo imeshikwa kwa mikono. Kola 21:16. Sauti ikawa safi 21:17. Hakuhitaji mpira wa koo. Imeangaliwa tena 21:42 na 22:35, iko wazi.

B. Upumuaji
Hapa ndipo usiku wote ulipogeuka. 21:16 oksijeni kwenye damu 86% bila msaada. Barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika. 21:18 anapumua mara 34 kwa dakika, kifua cha kushoto hakinyanyuki sawa na cha kulia, hewa haisikiki kushoto, ukigonga panatoa mlio wa ngoma, mishipa ya shingo imevimba. Koromeo lilionekana limesogea kulia, ingawa kola ilizuia kuona vizuri, na daktari wa mafunzo hakuliona. Hatukusubiri eksirei.
21:21 sindano nene, nafasi ya tano ya mbavu kushoto, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa. Hewa ilitoka kwa mlio uliosikika hadi mlangoni. 21:24 kupumua 26, oksijeni 94%.
21:34 ketamini 20 mg kwa mshipa, pamoja na ganzi ya ngozi. 21:40 mrija wa kifua namba 28 umeingia: hewa, na damu ml 250 papo hapo. Hadi 22:40 jumla ni ml 310, kasi inapungua. Eksirei 22:14: pafu limefunguka, mbavu za 4 hadi 7 kushoto zimevunjika.

C. Mzunguko wa damu
Paja la kulia lilikuwa linatoa damu, si kwa kuruka bali kwa kuchuruzika, na nesi alilibana kwa gozi 21:16, kabla A haijaisha. Kwa mpangilio wa herufi lipo hapa. Muda wake ni uleule.
21:17 presha 84/50, mapigo 132, ngozi baridi, rangi ya kucha inarudi baada ya sekunde 4. Kanula namba 16 mkono wa kulia 21:19, wa kushoto 21:23. Damu ya kupima kundi na ya kulinganisha imechukuliwa hapo. Ringa lakteti ya uvuguvugu ml 500 kuanzia 21:20.
21:24, baada ya sindano ya kifua na kabla dripu haijafika nusu, presha 96/58, mapigo 120. Ndiyo sababu B imeandikwa kwa urefu.
21:29 nyonga inauma ikibanwa mara moja (haikurudiwa). Hatukuwa na mkanda wa nyonga; imefungwa kwa kanga ya dada yake, usawa wa vichwa vya mapaja, si kiunoni. Msiifungue njiani.
21:31 ultrasaundi: hakuna maji tumboni wala kuzunguka moyo. 22:20 imerudiwa, vilevile.
21:33 asidi ya traneksamiki g 1 kwa dakika 10, ikiwa ni dakika 63 tangu ajali. Ya pili, g 1 kwa saa 8, imeanza 22:00 na inaendelea kwenye dripu ya mkono wa kushoto.
21:50 damu kamili, kundi O, chupa 1, imeisha 22:18. Hemoglobini kabla ya damu 8.9. Katheta 22:08 (hapakuwa na damu kwenye tundu), mkojo ml 150, wa njano.

D. Fahamu na neva
Daftari lilisema "fahamu nzuri". Nimeliacha neno hilo na kuchukua namba ya 21:26: Glasgow 13, macho 3, maneno 4, misuli 6. Mboni zote mm 3, zinaitikia mwanga. Sukari 6.4 saa 21:27. Miguu na mikono yote inasogea, mguu wa kulia kwa maumivu. 22:10 Glasgow 14, lakini hiyo ni baada ya ketamini. Hatuna sitiskani.

E. Kuvua nguo na kukagua
Nguo zimekatwa 21:44. Amegeuzwa kama gogo na watu wanne 21:46: mgongo hauna kidonda wala pingili iliyotoka mstari. Joto 35.3 saa 21:48. Mablanketi mawili, feni imezimwa. 22:30 joto 35.9. Paja la kulia: jeraha sm 6, mfupa unaonekana. Limesafishwa, limefunikwa kwa gozi yenye maji ya chumvi, mguu umenyooshwa na kufungwa banzi 22:02. Mapigo ya juu ya unyayo yapo kabla na baada. Seftriaksoni g 2 saa 21:55, pepopunda 21:57.

22:40, wakati wa kuondoka: presha 108/66, mapigo 108, kupumua 22, oksijeni 97%. Nesi anasafiri naye na chupa ya pili ya damu kwenye kibebeo. Chupa ya mrija wa kifua ibaki chini ya usawa wa kifua, na mrija usibanwe.