Kiolezo cha Ujumbe wa Siku za Kliniki

Ndugu Katibu,

Kama tulivyokubaliana, ninakuachia maneno ya ujumbe utakaowafikia wanachama wetu wa ushirika wa zabibu kila Jumatano inayotangulia Alhamisi ya pili ya mwezi, ambayo ndiyo siku ninayompeleka mama kliniki katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Aya ya katikati haibadiliki, kwa sababu ndiyo inayomwezesha mkulima wa Hombolo au Mpunguzi kuamua kama apande gari au abaki shambani. Mwanzo na mwisho huandikwa upya kulingana na hali ya mashamba, kwani watu wakishakutana na maneno yaleyale mara mbili, mara ya tatu hawasomi hata tarehe. Naomba sababu isifichwe. Wengi wao nao wanauguza wazazi.

Ujumbe wa Machi:

"Habari za mavuno, ndugu wanachama. Kesho, Alhamisi tarehe 13 Machi, sitakuwepo ofisini kutwa nzima, kwani nampeleka mama kliniki. Najua zabibu iliyokwisha kukatwa haisubiri, kwa hiyo mizani itafunguliwa saa 1 asubuhi kama kawaida.

Mtunza ghala atawahudumia hadi saa 9 alasiri, na kila atakayefika ataondoka na stakabadhi yake mkononi. Malipo hayatafanyika siku hiyo, kwa kuwa yanahitaji saini yangu. Yataanza Ijumaa saa 2 asubuhi, na mwenye stakabadhi ya Alhamisi atatangulizwa. Kwa jambo lisiloweza kusubiri, mpigieni Katibu.

Kwa kuwa mvua imeharibu njia ya Mpunguzi, Ijumaa nitakaa ofisini hadi saa 12 jioni ili atakayechelewa barabarani asirudi mikono mitupu."

Ujumbe wa Juni, wakati ambapo hakuna mzigo wa kupima:

"Shikamooni wazee wetu, na wengine poleni na baridi. Alhamisi tarehe 12 Juni nitakuwa hospitalini na mama, anayeendelea vizuri, nanyi nawashukuru kwa kumjulia hali."

Hapo inafuata aya ya kudumu, kisha:

"Salfa ya kuzuia ubwiri unga ipo ghalani, na mwenye kuihitaji aichukue siku hiyohiyo bila kuningoja, maana ugonjwa ukishaenea kwenye majani, kuudhibiti ni kazi kubwa."

Ujumbe wa Agosti, msimu wa pili wa mavuno, ambao naomba uutume Jumanne badala ya Jumatano, kwa kuwa wengi hupanga vibarua wa kukata zabibu siku mbili kabla:

"Ndugu wanachama, hongereni kwa kuanza mavuno. Alhamisi tarehe 14 Agosti ni siku ya kliniki ya mama, hivyo sitakuwepo."

Baada ya aya ya kudumu:

"Mwenye vibarua wa kulipwa Alhamisi hiyohiyo afike kwangu Jumatano kabla ya saa 8 mchana na stakabadhi za mzigo aliokwisha kuleta, nimlipe mapema."