Malalamiko: faiba inakatika kila wiki, biashara yangu inakufa

Habari za jioni ndugu zangu wa huduma kwa wateja, naandika kutoka steshenari yangu hapa Sinza Kijiweni, akaunti ni ya namba hiihii ninayotumia hapa, kifurushi cha 70,000 kwa mwezi na sijawahi kuchelewesha malipo hata siku moja.

Mwezi huu wa Julai 2025 mtandao umekata tarehe 3 kuanzia saa 4 asubuhi hadi jioni, tarehe 8 siku nzima, tarehe 14 na 15 siku mbili mfululizo, halafu jana tarehe 22 mpaka sasa hivi tarehe 23 naandika kwa bando la simu. Kila nikipiga naambiwa zima ruta uwashe. Jamani nimezima nimewasha mpaka basi, taa ya LOS inawaka nyekundu, hiyo si ruta, ni waya. Fundi wenu alikuja tarehe 9, akapanda nguzo akazungushia solotepu nyeusi pale kwenye kiungio akaondoka, sasa upepo wa kusi ukivuma kidogo tu waya unacheza na sisi huku tunakatika.

Na huu ndio msimu wa watoto kuomba mkopo wa HESLB, kila kitu ni mtandaoni, kuhakiki cheti RITA, kupata namba ya malipo, kupandisha viambatanisho. Tarehe 15 kuna binti katoka Kibamba na makaratasi yake kwenye mfuko wa nailoni, kakaa kwenye benchi langu tangu saa 3 mpaka saa 10, mwisho kaniuliza dada nirudi kesho au niende kwingine? Nikamwambia nenda mwanangu. Iliniuma sana, maana huyo harudi tena na atawaambia wenzake. Siku hiyo nimeuza 9,000 ya fotokopi tu wakati msimu huu kwa kawaida napata 60,000 na zaidi, na bado nina kijana wa kumlipa na kodi ya fremu.

Ninachotaka ni hivi. Waya kutoka nguzoni mpaka dukani ubadilishwe wote, sio kufungwa tena, na iwe kabla ya Jumamosi tarehe 26. Siku 6 nilizokosa huduma ni 14,000, mnipunguzie kwenye bili ya Agosti, na kwa hasara niliyopata naomba mwezi wa Septemba nisilipe. Fundi anipigie kabla hajaja, nipo dukani saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku.

Ikifika Jumamosi bila fundi naomba mje mchukue ruta yenu na mnirudishie hela ya kuunganishiwa, na malalamiko nitayapeleka TCRA, meseji zenu zote za namba za tiketi ninazo na picha za ile taa nyekundu nimepiga kila siku ilipokata. Naomba mnijibu kwa maandishi leo au kesho asubuhi.