Meseji ya Zuhura

Zuhura wa mashuka pale Mbagala Rangi Tatu hajawahi kuwa mtu wa matangazo. Miaka yote tangazo lake lilikuwa mdomo, unapita zako anakuita "kipenzi njoo ushike tu kitambaa, kushika hakulipiwi", na ukishashika ndo umekwisha hivyo. Mashuka, mapazia, vyandarua, foronya, mzigo anaufuata mwenyewe Kariakoo alfajiri anarudi nao kwenye daladala ameukumbatia. Mimi nina kibanda cha uwakala pembeni yake, kwa hiyo haya nayaeleza nikiwa naona, sijasimuliwa.

Sasa mwaka huu biashara ikawa ngumu maana kila fremu pale imegeuka kuwa ya mashuka, hata jamaa aliyekuwa anauza matairi naye katundika mashuka. Bakari, mtoto wa dada yake, katoka kumaliza kozi ya kompyuta, akamwambia ma mdogo siku hizi watu hawaiti wateja kwa mdomo, wanatuma meseji kwa mkupuo. Unafungua akaunti kwenye sistimu, unasajili jina lako likae pale juu badala ya namba, mwisho herufi 11, unapakia namba za wateja, unaseti siku na saa, unaenda kulala. Mimi nikamshauri Zuhura aweke ZUHURASHUKA maana zinatimia 11 kamili na mtu anaelewa moja kwa moja ni nani. Akakataa. Akasema hilo linasomeka kama konda anamwambia ashuke. Akaweka ZUHURA, basi.

Namba walizitoa kwenye miamala ya simu yake ya biashara, yaani kila aliyewahi kumlipia kwa simu, 800 na kitu. Hapo hakuna aliyefikiria mbali. Wanaochagua mashuka ni kina mama, ila wengi wakishachagua wanampigia baba watoto atume hela, kwa hiyo zile namba karibu zote zilikuwa za wanaume.

Meseji aliitunga Zuhura mwenyewe, na kwa maneno mnamjua. Ya kwanza ilikuwa inaanza "Mpenzi mteja", Bakari akahesabu akasema ma mdogo zikizidi herufi 160 tunakatwa hela ya meseji mbili, punguza. Akatoa neno "mteja". Ikabaki hivi:

"Mpenzi, umenisahau? Shuka jipya nimeshatandika, laini, halijalaliwa na mtu. Sita kwa sita elfu 25 tu. Ukichelewa atakuja mwingine. Zuhura, Rangi Tatu"

Na namba yake ya simu mwishoni, zikatimia 160 juu ya alama. Wakaseti Alhamisi saa 3 usiku, mishahara imetoka, watu wameshakula, taarifa ya habari imeisha, mama kakaa na simu mkononi anaperuzi. Muda mzuri sana, mimi mwenyewe nilisifia. Na za Ijumaa na Jumamosi wakaziseti humohumo.

Alhamisi saa 3 ikafika, kimya. Zuhura akanipigia kuniuliza kama imeniingia, maana na mimi nilikuwemo kwenye orodha, nikamwambia bado. Saa 4 bado. Akasema hao watu wa mtandao wameshamla hela yake, akaweka simu chaji akalala.

Mimi nimepanga nyumba ya vyumba vinane, zile kuta haziendi mpaka juu, mtu akikohoa chumba cha mwisho wa kwanza anampa pole. Saa 6 kamili usiku simu yangu ikalia. Kabla sijaishika nikasikia ya chumba cha jirani, halafu ya kule mbele, halafu ya fundi magari anayekaa na mkewe mkabala na mimi. Nikasoma, nikaanza kucheka, halafu nikasikia sauti ya mke wa fundi, taratibu kabisa.

"Zuhura ni nani?"

Fundi usingizini: "Nani?"

"Nakuuliza mimi. Zuhura ni nani. Anasema kakutandikia."

"Yule wa mashuka."

"Naona ni wa mashuka. Na bei kaweka. Elfu 25. Mimi jana nimekuomba elfu 5 ya mkaa umesema huna."

Jamani, kuna nyakati mtu unatakiwa utoke ukamtetee mwenzako, lakini pale ukitoka saa hizo kusema "shemeji hata mimi ninayo" ndo unaharibu kabisa, ataona mnashea. Nikajifunika. Kule chumba cha mbele nako kulikuwa kumeshachangamka, mtu anaapia mpaka makaburi ya kwao.

Asubuhi nafika kazini nakuta foleni mbele ya duka la Zuhura, na si foleni ya watu wanaotaka kununua. Wamesimama wawili wawili, mume na mke, wanaume wamenuna, wanawake wamekunja mikono. Zuhura anafungua kufuli hajui hili wala lile, anafurahi, "karibuni wapenzi wangu", yaani neno lilelile! Mwanamke mmoja akamjibu "ehee, endelea".

Ilichukua muda kueleweka. Zuhura akatoa daftari, akatoa simu, akaonyesha miamala, huyu alinunua pazia mwezi wa nne, huyu chandarua cha duara, wanaume mmoja mmoja wakaanza kupata rangi usoni. Na hapa ndo utajua huyu mama biashara iko kwenye damu. Kila aliyeridhika kwamba mumewe hana kosa, Zuhura anamvuta pembeni, "pole mdogo wangu, lakini si umeshafika, shika tu kitambaa". Mwanaume uliyeamshwa saa 6 usiku ukatukanwa bure, mkeo kashika shuka la elfu 25 anakuangalia, utasema huna? Fundi alilipa mashuka mawili sita kwa sita na mapazia ya dirisha moja, na nyumba yetu ile kila chumba kina dirisha moja tu. Mpaka adhuhuri alikuwa ameuza kuliko wiki nzima iliyopita.

Bakari alipokuja alikataa katakata kwamba kakosea. Akafungua kompyuta akatuonyesha, si hii hapa, imeandikwa imetumwa 21:00, na 21:00 si ndo saa 3 usiku? Kweli imeandikwa 21:00. Nikamwambia soma na kilichofuata. Pembeni kwa maandishi madogo kulikuwa na UTC. Hiyo ni saa inayohesabiwa kuanzia kule Griniwichi, Uingereza, na sisi huku Tanzania tumetangulia masaa matatu, kwa hiyo sistimu ilimtii kabisa, ilisubiri mpaka ikafika 21:00 ya huko ikatuma, sisi tushaingia Ijumaa.

"Kwa hiyo mimi wateja wangu wa Mbagala wanafuata saa ya Wazungu?" Zuhura akauliza.

Bakari akaingia kwenye mipangilio, kwenye orodha ya miji Dar hakuiona, akachagua `Africa/Nairobi`. Zuhura akaja juu, mimi Nairobi nimeenda lini, nina duka Nairobi? Akaelezwa ni saa ileile, Dar na Nairobi hatupishani hata dakika. Akakubali lakini kwa shingo upande, na akamwambia Bakari wakianza kumdai kodi ya Kenya ataenda kulipa yeye.

Kumbe shughuli haijaisha. Kubadilisha mji kunasaidia zile utakazoseti baada ya hapo. Za Ijumaa na Jumamosi zilikuwa zimeshakaa kwenye foleni na saa yao ya zamani, hazijasogea. Na ya Ijumaa, Bakari alipoisoma kwa sauti hata mimi mate yalinikauka:

"Jana hukuja, nimeumia. Bado nimekuwekea. Leo njoo hata na mwenzio."

"Ma mdogo hii nafuta," Bakari akasema.

Zuhura akanyamaza. Akaangalia droo ya hela. Akaangalia rafu zilivyobaki wazi. Akasema, "Kwani ikienda tena hiyo saa 6 kuna ubaya gani?"

Nikamwambia da Zuhura, kuna watu jana wamelala sebuleni. Akasema si leo watalala kwenye mashuka mapya? Alikuwa hatanii, nawaambia, alifikiria kabisa, mpaka Bakari akamtajia kwamba wakija safari hii watakuja na mabalozi wa nyumba kumi. Akaruhusu ikafutwa. Wakaandika nyingine ya heshima, ndugu mteja wetu, tunaomba radhi kwa usumbufu, ikazidi zile 160 akakatwa mara mbili, ikaenda saa 3 usiku juu ya alama. Jumamosi asubuhi hakuja hata mtu mmoja kwa sababu ya ile.

Ila stori yenyewe ilikuwa imeshazunguka, Rangi Tatu mpaka Zakhem, ikawa ni utani wa mtaa. Mtu simu yake ikilia tu wenzake wanamwambia "huyo Zuhura". Wanaume nao wakapata pa kujifichia, kila meseji isiyoeleweka ni ya yule wa mashuka, si mnajua, mitandao hii.

Jumamosi hiyo mchana, saa 9 hivi, akaja mama mmoja na baibui lake, mtu mzima, mpole, peke yake. Hakushika kitambaa chochote. Akasalimia vizuri akauliza kama ndo kwa Zuhura.

"Ndo mimi dada yangu, na kama ni ile meseji naomba unisamehe, ilikuwa ni saa tu, wameshakuja wengi..."

"Hapana, sijakuja kugomba. Mume wangu kanieleza, kasema ni ya dukani kwako. Nilikuwa nataka kujua tu, ulituma lini?"

"Alhamisi usiku. Saa 6 kamili."

"Si Jumanne?"

Zuhura akaniangalia mimi. Mimi nikajifanya nahesabu floti. Na nadhani Zuhura alikuwa anatafuta namna ya kusema neno la katikati, lisilo kweli wala uongo, anayaweza hayo, lakini Bakari yuko pale na kompyuta yake, kijana mwenye kujua kila kitu, akadakia, "Jumanne haiwezekani mama, Jumanne hata jina lilikuwa halijapitishwa, hatujatuma kitu."

Zuhura alimkanyaga mguu, kashachelewa.

"Na hii namba ipo kwenye daftari lako?" Akaitaja kwa kichwa, tarakimu zote kumi. Zuhura akafungua daftari, akapitisha kidole kurasa zote, polepole mno, nadhani alishajua tangu ukurasa wa kwanza. Akafunga.

"Haipo, dada."

"Sawa." Yule mama akageuka akaziangalia rafu kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyekuja sokoni kawaida. "Una za tatu kwa sita?"

"Za kitanda kidogo? Hizo siweki sana. Ipo moja, ya bluu."

"Nipe hiyo hiyo. Na foronya moja."

Zuhura akamtajia elfu 12. Mama hakuomba punguzo hata la mia, akafungua pochi akatoa keshi.