Mhadhara wa sita: ndugu wanapozaliana, na damu mpya inapookoa

Nilipokuwa darasa la sita, ng'ombe wetu Sijali alizaa ndama aliyeshindwa kusimama. Ilikuwa alfajiri ya Juni, Tukuyu, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Bibi alimbeba ndama, akamkandamiza mdomo kwenye chuchu, ndama akaachia. Siku ya tatu akafa. Bibi akasema neno moja tu: "Dume lile ni baba yake Sijali." Kijiji kizima kilikuwa na dume moja la mbegu, na limekaa miaka mingi mno.

Ndama mmoja si ushahidi. Ndama hufa kwa baridi, kwa minyoo, kwa uchungu wa muda mrefu. Mzoroto utokanao na kuzaliana ndugu hauonekani kwa mnyama mmoja. Unaonekana kwenye wastani, pale watoto wa ndugu wanapolinganishwa na watoto wa wasio ndugu katika mazingira yaleyale. Kwenye mtihani, msiniletee mnyama mmoja mkasema mmethibitisha.

Sasa tuone Bibi alikuwa amekaribia nini. Kila mnyama hubeba nakala mbili za kila jeni, moja ya mama na moja ya baba. Karibu kila mmoja wetu, mtu au ng'ombe, anabeba nakala kadhaa mbovu zilizo fifi: zimefunikwa na nakala nzima ya upande wa pili, hazileti madhara. Ndugu wakizaliana, nakala mbovu iliyokuwa kwa babu mmoja inaweza kumfikia mtoto kwa njia mbili, kutoka kwa mama na kutoka kwa baba, akakosa ya kumfunika. Kuzaliana ndugu hakuumbi ubovu mpya. Kunafunua ule uliokuwapo siku zote.

Uwezekano kwamba nakala zote mbili za jeni zimetoka kwenye nakala moja ya babu yuleyule tunauita F. Baba na binti wakizaliana, mtoto ana F ya 0.25, kaka na dada vilevile, ndugu wa mzazi mmoja 0.125, watoto wa mtu na nduguye 0.0625.

Mkulima wa Mbozi anayajua haya bila hesabu. Mahindi chotara hutengenezwa kwa kupandisha mistari miwili ya uzao ambayo kila mmoja umechavushwa wenyewe kwa wenyewe vizazi kadhaa. Ukiiona mistari hiyo shambani utaihurumia: mifupi, mabua membamba, magunzi madogo. Ikipandishwa, mtoto anainuka kuliko wazazi wote wawili, kwa kuwa ubovu wa mstari mmoja unafunikwa na uzima wa mwingine. Mkulima akihifadhi mbegu ya mavuno hayo na kuipanda msimu unaofuata, shamba linashuka, kwa sababu nusu ya mchanganyiko ule imeshapotea. Si kwamba dukani aliuziwa feki.

Porini hakuna anayempeleka baba kwa binti. Idadi ikiwa ndogo, wote wanaishia kuwa ndugu hata wakichagua wenza kwa uangalifu. Na idadi tunayoihesabu kwa macho si ile inayofanya kazi. Tuchukue kundi la kima 50 wanaozaa, madume 5 na majike 45. Hizi ni namba za zoezi:

```
Ne = 4 * Nm * Nf / (Nm + Nf) = 4*5*45/50 = 18
F  = 1 - (1 - 1/(2*Ne))^t
```

Nm ni madume, Nf ni majike, na Ne ni idadi faafu, ile inayofanya kazi. Macho yanaona 50, jeni zinaona 18. Weka t = 10, yaani vizazi kumi, upate F ya karibu 0.25. Hakuna baba aliyempanda binti, ila kundi zima limefika palepale alipofika ndama wa Sijali.

Hapo ndipo ninapowaza msitu wa Ndundulu na kima wake, kipunji. Kipunji alitambulishwa kwa sayansi mwaka 2005, ingawa Wanyakyusa walikuwa na jina lake zamani. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2008 yalitoa kipunji 1,117 kwa jumla: wengi wao Rungwe na Kitulo, na 75 tu katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, umbali wa kilomita kama 350. Hao 75 hawana jirani wa kuwatembelea.

Je, tuwapelekee? Huo ndio uokoaji wa kijenetiki: kuingiza wanyama wachache wa nje ili jeni zao zifunike ubovu uliojikusanya. Unafanya kazi. Puma wa Florida walibaki kama 20 hadi 30, mikia imepinda, madume wengine kokwa hazijashuka, wengine na kasoro za moyo. Mwaka 1995 waliletwa majike 8 kutoka Teksasi. Kasoro zikapungua, idadi ikapanda zaidi ya mara mbili. Hapa kwetu, simba wa kreta ya Ngorongoro walipigwa na mlipuko wa nzi wang'atao mwaka 1962, wakabaki wachache sana, na madume saba walioingia wenyewe kutoka nje wakachangia kuwainua. Baadaye mlango ukafungika: kwa miaka mingi hakuingia dume mwingine akazaa, na watafiti wakakuta mbegu za madume zenye kasoro nyingi.

Kisiwa cha Isle Royale, Marekani, kina funzo chungu zaidi. Mwaka 1997 mbwamwitu dume mmoja alivuka ziwa juu ya barafu. Alikuwa na nguvu, akazaa sana, wanawe wakazaa sana, mpaka karibu kila mbwamwitu kisiwani akawa mzao wake. Undugu ukarudi. Kufikia 2016 walibaki wawili, baba na binti yake, ambao pia walikuwa ndugu wa mama mmoja. Mgeni mmoja, mara moja, alinunua muda tu.

Kuna wanaosema kundi dogo hujisafisha, ubovu ukipepetwa kwa vifo. Ni kweli kwa nakala zinazoua mapema. Zile zenye madhara madogo madogo haziondoki. Kwenye kundi dogo bahati inaishinda nguvu ya uchaguzi asilia, na zinaweza kuenea kwa wote.

Hatari ya upande wa pili ipo pia. Katika milima ya Tatra waliwachanganya mbuzi-mwitu na jamaa zao wa nchi zenye joto. Machotara wakapandana kwa wakati usiofaa na kuzaa Februari, katikati ya baridi kali. Kwa hiyo kabla ya kumbeba kipunji wa Rungwe kwenda Ndundulu, nataka kujua wametengana muda gani, msitu na chakula vinatofautianaje, na ugonjwa gani ungesafiri naye. Kama ni matengano ya hivi karibuni yaliyoletwa na shoka na moto, mizani yangu inaelemea kupeleka. Kwa Rungwe na Kitulo sina shaka hata kidogo: ushoroba wa Bujingijila, unaounganisha misitu hiyo miwili, upandwe miti ya asili, kima wapite kwa miguu yao kila kizazi, bila mtego wala dawa ya usingizi.

Alhamisi tunakwenda Bujingijila. Basi linaondoka saa 12 asubuhi. Chukueni sweta na mabuti. Kila kundi lije na F ya vizazi 20 kwa Ne ya 18, kisha irudieni mkiongeza madume mawili wanaozaa. Jibu la pili tutalisomea pale pale, kwenye pengo la miti.